Tunafunga Jumatatu, Tunafungua Lini?

Fungua Instagram jioni na upitie kurasa za maduka ya nguo ya Dar es Salaam. Haitachukua muda kabla hujakutana na picha ya fremu yenye mlango ulioshushwa, na chini yake maneno haya: "Wateja wetu wapendwa, tunapenda kuwatangazia kuwa duka letu litafungwa kwa muda mfupi kuanzia kesho kwa ajili ya marekebisho. Tutawajulisha tukifungua. Samahani kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Mwishoni kuna viganja viwili vilivyounganishwa kuomba radhi.

Maneno ni ya adabu, na aliyeyaandika huenda alidhani amemaliza kazi. Ukishuka kwenye maoni utaona kazi ndiyo kwanza imeanza. "Dada, nguo yangu ya sendofu je?" "Mnafungua lini?" "Nilishatuma kianzio." "Bado mnapokea oda?" Kila swali linaloulizwa pale chini lilipaswa kuwa limejibiwa pale juu. Mwenye duka, ambaye wakati huo amesimama katikati ya vumbi akibishana na fundi, sasa ana kazi ya pili ya kujibu watu mmoja mmoja usiku kucha.

Maelezo haya yanayokaa chini ya picha, yale ambayo vijana huyaita kapsheni, yana mambo matatu ya kumwambia mteja: duka linafungwa lini, linafunguliwa lini, na oda zinaendaje katikati. Ukiyatazama hivyo yanaonekana mepesi. Ugumu uko kwenye mpangilio, na zaidi kwenye ile tarehe ya kufungua.

Tuanze na mpangilio. Kapsheni ya Instagram inaruhusu hadi herufi 2,200, nafasi zikihesabiwa, kwa hiyo mahali pa kuandikia pako tele. Lakini mtu anayepitisha kidole kwenye simu haoni yote. Huoneshwa takriban herufi 125 za mwanzo, na mara nyingi ni mistari miwili tu, kisha maandishi yanakatwa mpaka aguse apate mengine. Rudi sasa kwenye tangazo letu la mwanzo. Sentensi yake ya kwanza, kuanzia "Wateja" hadi nukta baada ya "marekebisho", ina herufi 125 kamili. Maana yake, nafasi yote ya bure imekwenda kwenye salamu na kwenye "tunapenda kuwatangazia", na mteja asiyegusa anaondoka na habari moja tu, kwamba kesho duka limefungwa.

Hiyo "kesho" nayo ni mtego. Instagram haipangi picha kwa kufuata saa zilipowekwa, bali kwa kukisia nani atapenda nini. Tangazo la Jumapili linaweza kumfikia mteja wa Kigamboni siku ya Jumatano, naye akasoma "kesho" akadhani ni Alhamisi. Jumatano hiyohiyo akapanda pantoni, akashika daladala, akafika Sinza na kukuta mlango umefungwa. Stori na stetasi za WhatsApp ni afadhali kidogo kwa sababu hufutika baada ya saa 24, lakini hata huko siku na tarehe vikiandikwa wazi havimpotezei mtu chochote.

Tuchukue duka moja la mfano, tulijenge sisi wenyewe. Ni fremu ya Sinza ya mita tatu kwa nne, inauza vitenge na kushona. Mafundi cherehani wawili wanakaa nyuma, mwenye duka anakaa mbele akipokea vipimo. Dari la jipsam limelowa kwa mvua za masika na kuacha madoa, kuta zimepauka, na vigae vya mlangoni vimepasuka. Anataka kukarabati mwaka huu wa 2026. Machi imekwisha kwa Idi, Aprili ina Pasaka, tena yote ni miezi ya masika ambayo rangi hugoma kukauka. Idi ya kuchinja inaangukia mwishoni mwa Mei, na watu hawataacha kushonesha. Julai mosi hadi Sabasaba ni wiki ya pilikapilika. Nafasi iliyobaki ni Juni, baada ya sikukuu na baada ya mvua. Anachagua Jumatatu, tarehe 8.

Swali gumu sasa: atafungua lini? Wengi humwuliza fundi, fundi anasema "wiki moja tu, mama," na wiki moja inaandikwa kwenye tangazo. Fundi hasemi uongo. Anahesabu siku za mikono yake, hahesabu siku za kusubiri vitu vikauke. Ukikaa naye chini mkahesabu kazi kwa kazi, mambo hubadilika. Kutoa shelfu na kuhamisha mashine ni siku moja. Kubomoa dari na kufunga jipsam mpya ni mbili. Skimu na rangi ni tatu, kwa sababu kila mkono wa skimu lazima ukauke kabla haujapigwa msasa, na kila mkono wa rangi ukauke kabla ya unaofuata. Vigae kwa chumba kama hicho ni siku moja ya kubandika na nyingine ya kutokanyagwa, ili gundi ishike kabla ya kujaza mianya. Kurudisha shelfu, taa na usafi ni moja. Jumla ni siku tisa. Mafundi wengi hawaji Jumapili, kwa hiyo ukianza Jumatatu ya tarehe 8, siku ya tisa ni Jumatano ya tarehe 17.

Hapo ndipo pa kuongeza siku za tahadhari. Mwenye duka wetu anaacha Alhamisi na Ijumaa zikae wazi, na kutangaza kwamba anafungua Jumamosi, tarehe 20. Akimaliza mapema, atafungua mapema na hakuna mteja atakayelalamika. Akichelewa siku moja kwa sababu umeme ulikatika au dukani walileta vigae vya rangi nyingine, ahadi yake bado imesimama. Kuna kazi moja ambayo hesabu hii haiibebi: plasta mpya ya saruji. Ukuta uliopigwa plasta upya hutakiwa kuachwa wiki kadhaa, kwa kawaida nne, kabla ya kupakwa rangi ya mafuta, la sivyo unyevu na chokaa vilivyomo ndani huisukuma rangi ikachubuka. Ukiona ukuta wako unahitaji plasta, ama fungua duka na ukuta usiopakwa, ama hesabu tofauti kabisa.

Najua wapo wanaoona kutaja tarehe ni kujifunga kitanzi. "Bora useme hivi karibuni," husema. Sikubaliani nao. Mteja asiyepewa tarehe hupewa nafasi ya kukisia, na mitaani kwetu makisio huwa mawili: mwenye fremu amefukuzwa kwa kodi, au TRA wamepita. Aliyeacha kitenge chake na kianzio ndani ya duka hilo hatalala vizuri kwa kuambiwa "hivi karibuni".

Na huyo aliyelipa kianzio ndiye wa kuandikiwa kwanza. Watu wanaosoma tangazo la kufunga duka hawafanani. Yupo anayepita tu akafurahia picha. Yupo aliyekuwa aje Jumamosi kuchagua kitambaa. Yupo wa Mwanza au Muscat ambaye hajawahi kukanyaga dukani, yeye hununua kwa simu. Na yupo dada ambaye sendofu yake ni Jumamosi tarehe 13 Juni, katikati kabisa ya ukarabati, na gauni lake limekatwa lakini halijashonwa. Huyu wa mwisho ana pesa ndani, na ana siku ambayo haihamishiki. Ukiandika ukimfikiria yeye, wengine wote watapata majibu yao humohumo.

Kwa dada wa sendofu na wenzake, tangazo si mahali pa kuletewa habari kwa mara ya kwanza. Kabla halijapanda, mwenye duka anafungua daftari lake la oda, anatenga zote zinazotakiwa kati ya tarehe 8 na 19, na kupiga simu moja moja. Zinazoweza kumalizika kabla ya Jumamosi ya tarehe 6 zinamalizwa na kuchukuliwa. Zisizoweza zinahamia pale mashine zitakapokaa, tuseme kwenye chumba cha nyumbani kwake Mwananyamala. Tangazo linakuja kuthibitisha yaliyokwisha kusemwa kwa simu, na kuwafikia wale ambao simu zao hazikupatikana.

Sasa oda mpya. Hapa maduka mengi huandika "oda zinaendelea kama kawaida", nayo si kweli. Hakuna kawaida wakati mafundi wako kwenye chumba kimoja na vitambaa viko kwenye viroba. Fikiria nini hasa kinawezekana. Kuuza kitenge cha yadi sita kwa picha na kukituma inawezekana. Kuuza gauni lililokwisha shonwa inawezekana, mradi saizi imeandikwa. Kumshonea mteja wa zamani ambaye vipimo vyake vimo daftarini inawezekana pia. Kumpima mteja mpya kwa maelezo ya simu ni kujitafutia ugomvi, maana mtu akijipima mwenyewe kifua na kiuno hukosea sana, na gauni likibana lawama ni ya fundi. Kwa hiyo vipimo vipya vinasubiri tarehe 20, na tangazo liseme hivyo bila kuzunguka.

Usafirishaji nao una ratiba yake. Duka likiwa wazi, mtu wa bodaboda hupita muda wowote na kuchukua mzigo. Mzigo ukiwa nyumbani, ni afadhali kuwa na siku mbili za kutuma, tuseme Jumanne na Ijumaa. Wa Dar wanapelekewa na bodaboda kwa nauli yao, wa mikoani wanapandishiwa mzigo kwenye basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, kisha wanatumiwa picha ya risiti yenye jina la basi na namba ya ofisi ya kupokelea. Risiti ya mauzo inaendelea kutolewa kama siku zote. Kuuza ukiwa nyumbani hakuondoi wajibu wa mashine ya EFD.

Hatari ya kipindi hiki iko kwenye malipo. Duka likiwa wazi, mteja mwenye shaka huja kuona kwa macho yake. Likifungwa, kila kitu kinakwenda kwa simu, na wale waliozoea kutuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hupata uwanja. Mbinu ya siku hizi ni kufungua ukurasa wenye picha ileile na jina linalotofautiana kwa herufi moja, kisha kuwajibu wateja walioacha maswali kwenye maoni: "Habari dada, duka tumefunga, oda zote sasa ni kwa namba hii." Mteja aliyesoma kwamba kweli duka limefungwa anaamini. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye tangazo: namba ya WhatsApp haijabadilika, lipa namba ni ileile, na jina litakalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri ni hili. Mteja akiona jina la mtu asiyemjua, anasitisha. Ukarabati pia si wakati wa kubadilisha laini. Kama ulikuwa na mpango huo, uache mpaka utakapofungua.

Baada ya haya yote, tangazo lenyewe linakuwa hivi:

"Duka la Sinza linafungwa 8–19 Juni. Tunafungua Jumamosi 20 Juni, saa 3 asubuhi. Oda zinaendelea WhatsApp.

Tunabadilisha dari, tunapaka rangi na kuweka vigae vipya. Siku ya mwisho ya kuja dukani kabla ya kufunga ni Jumamosi 6 Juni, hadi saa 12 jioni.

Una nguo kwetu? Zote za kati ya 8 na 19 Juni zitakuwa tayari kwa tarehe tuliyoahidi, na tutakupigia tukubaliane pa kukukabidhi. Kama hatujakupigia hadi Ijumaa 5 Juni, tafadhali tuandikie.

Oda mpya: vitenge na nguo zilizo tayari, na mishono kwa wateja ambao vipimo vyao tunavyo. Vipimo vipya ni kuanzia 20 Juni. Tunatuma mizigo Jumanne na Ijumaa, Dar na mikoani.

Namba yetu ya WhatsApp ni ileile, bonyeza kiungo kilicho juu ya ukurasa. Lipa namba haijabadilika, na jina linalotokea ni la duka letu. Akikuandikia mtu kwa namba nyingine, si sisi."

Aya ya kwanza ina herufi zisizofika 110, kwa hiyo hata asiyegusa anapata kufunga, kufungua na oda. Salamu haimo. Atakayeona ni ukavu anaweza kuiweka mwishoni, pamoja na shukrani. Saa imeandikwa kwa Kiswahili, na neno asubuhi limewekwa makusudi. Kuna maduka huandika "tunafungua 9:00", mteja mmoja anasoma saa tisa na kuja alasiri, mwingine anasoma saa tatu. Chagua hesabu moja na uitumie kila mahali. Sababu ya kufunga imetajwa kwa vitu vyake, yaani dari, rangi, vigae, kwa kuwa neno "marekebisho" likiwa peke yake ndilo linalofungulia uvumi mlango.

Namba ya simu haikuandikwa ndani ya kapsheni kwa sababu ya kiufundi. Kwenye programu ya Instagram ya simu mtu hawezi kunakili maneno ya kapsheni, na kiungo kikiwekwa humo hakibonyezeki. Mteja angelazimika kukariri tarakimu kumi huku akibadilisha programu. Kiungo kikae kwenye maelezo ya juu ya ukurasa, kwa mfumo huu, namba ikianza na 255 bila sifuri wala alama ya kujumlisha:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX
```

Na picha je? Picha huchukuliwa na watu na kuwekwa kwenye stetasi zao, nayo husafiri bila kapsheni. Kwa hiyo ni vyema tarehe 20 Juni ionekane kwenye picha yenyewe, kwa maandishi makubwa. Kuna bei yake. Instagram inakuruhusu kuhariri maneno baada ya kuyaweka, lakini haikuruhusu kubadilisha picha. Tarehe ikisogea, hariri haitoshi: bango la zamani unalifuta na kuweka jipya. Tena hakuna anayepata taarifa kwamba umehariri kapsheni, na walioisoma jana wanabaki na tarehe ya jana.

Tuseme imesogea. Jumatano ya tarehe 17 fundi anasema jipsam imepinda, inarudiwa. Wengine husubiri mpaka Ijumaa usiku wakitumaini muujiza. Mwenye duka wetu anaandika siku hiyohiyo: "Tulisema tunafungua Jumamosi 20 Juni. Dari linarudiwa, tunafungua Jumatatu 22 Juni, saa 3 asubuhi. Uliyepanga kuchukua nguo Jumamosi, tutakuletea kwa gharama yetu." Ametaja tarehe ya zamani ili aliyeiona aijue imekufa, na amebeba mwenyewe gharama ya bodaboda. Kusogeza mara moja kwa namna hii watu huvumilia. Mara ya pili ndiyo inayowaondoa, kwa hiyo hiyo tarehe mpya nayo iwe na siku ya tahadhari ndani yake.

Tangazo pia lina ndugu zake ambao husahaulika. Ukurasa wa Instagram unaruhusu kubandika picha hadi tatu juu kabisa, na hili liwe mojawapo. WhatsApp ya biashara ina ujumbe unaojituma wenyewe usipokuwepo, uwekewe ile aya ya kwanza. Kwenye ramani ya Google kuna sehemu ya kuonesha kwamba duka limefungwa kwa muda, na jirani yake ipo ya kufungwa moja kwa moja, kwa hiyo gusa kwa makini. Mlangoni ibandikwe karatasi yenye tarehe zilezile, kwa ajili ya wateja wasiotumia mitandao, na hao ni wengi kuliko tunavyodhani. Kila mahali tarehe ziwe sawa. Mlango ukisema 20 na WhatsApp ikisema 22, mteja ataamini ile inayomfaa yeye.

Hivi vyote havijiondoi vyenyewe. Asubuhi ya kufungua, kabla hata ya kufuta vumbi kaunta, kazi ya kwanza ni kuvirudia kimoja kimoja: kulibandua tangazo lililo juu ya ukurasa, kuzima ujumbe wa WhatsApp, kurudisha alama ya Google kuwa duka liko wazi, kung'oa karatasi ya mlangoni. Nimeona duka lenye taa mpya na wahudumu wamesimama tayari, huku Google ikiendelea kuwaambia watu kwamba limefungwa.